Mkwaruzo Hufichua Siri ya Chuma

Bati la kuezekea, usukani wa baiskeli unaong'aa na fremu ya dirisha la alumini vyote vimekingwa, lakini vikikwaruzwa kila kimoja huwa na hatima yake.

Chuma cha bati huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi. Mkwaruzo mwembamba ukifika kwenye chuma, zinki ya pembeni huliwa kwanza na kukiokoa. Kinga hiyo huvuka milimita chache tu; penye kidonda kipana, kutu huanza katikati.

Usukani hupakwa nikeli kisha kromu kwa umeme. Hapa mambo hugeuka: chuma ndicho huliwa, tena upesi, kwa kuwa metali hizo ni sugu kukishinda. Utaona vidoa vya kahawia, kisha ganda linabanduka.

Alumini haipakwi kitu. Umeme hunenepesha oksidi yake yenyewe. Ikikwaruzwa, hewa huunda utando mpya mwembamba, lakini unene na rangi havirudi, na chumvi ya pwani huweza kuitoboa.

Kwa hiyo, ukikata au kuchomelea bati, safisha sehemu hiyo na uipake rangi yenye zinki nyingi mapema.