Taa ya Mwisho Ndiyo Inayochagua Waya

Fundi aliyezoea umeme wa gridi akiitwa kufunga taa za sola, mara nyingi hufika na rola la waya wa 1.5. Kwa mazoea yake hajakosea. Waya huo ndio unaotumika kwa taa katika nyumba nyingi zenye umeme wa volti 230, na haujawahi kumwangusha. Anaufunga, anawasha, taa ya sebuleni inang'aa vizuri. Ile ya bandani, mwisho kabisa wa waya, inawaka kwa unyonge. Mwenye nyumba analaumu balbu, kisha betri, kisha paneli. Waya haumtazami mtu.

Chanzo kiko kwenye hesabu ndogo. Taa zenye jumla ya wati 35 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 0.15 tu. Taa hizohizo za volti 12 huvuta karibu ampea 2.9, yaani zaidi ya mara kumi na tisa. Kila waya una ukinzani wake, na volti zinazopotea njiani huongezeka kadiri ampea zinavyoongezeka. Tena volti moja ikipotea katika 230 hakuna atakayejua, bali ikipotea katika 12 umepoteza karibu asilimia 8 ya ulichokuwa nacho.

Kwa taa za LED hasara hiyo huonekana haraka kuliko hesabu inavyodokeza. Taa nyingi za bei nafuu, hasa zile za utepe, huwa na vijitaa vitatu vilivyopangwa mfululizo pamoja na rezista. Vijitaa hivyo vitatu hula karibu volti 9 na nusu, na kinachobaki ndicho rezista hukitumia kupima mkondo. Ukiwa na volti 12, kinachobaki ni 2 na nusu. Zikishuka hadi 11, kinabaki kimoja na nusu, na mkondo hupungua kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo maana volti moja iliyopotea kwenye waya inatosha kuifanya taa ionekane imechoka.

Basi kwa taa za volti 12 waya hauchaguliwi kwa kuuliza utabeba ampea ngapi bila kuungua. Waya wa 1.5 unabeba ampea 2.9 bila hata kupata vuguvugu. Swali ni taa ya mwisho itafikiwa na volti ngapi. Mafundi wengi wa sola hulenga hasara isiyozidi asilimia 3, yaani volti 0.36 kutoka kwenye 12.

Kanuni ya kukadiria hasara hiyo ni nyepesi. Chukua urefu wa waya kwa mita, zidisha kwa ampea, zidisha tena kwa 0.036, kisha gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba:

```
volti zinazopotea = mita x ampea x 0.036 / unene
```

Hiyo 0.036 inatokana na ukinzani wa shaba, na tayari imehesabu safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo pima urefu mara moja tu, kwa kuufuata waya utakavyopita: kupanda ukutani, kuambaa na kenchi, kushuka kwenye swichi. Usipime kwa jicho kutoka betri hadi taa.

Tuchukue nyumba yenye betri ya volti 12 sebuleni. Ndani kuna taa tano za wati 5 kila moja, na ya mbali kabisa iko mita 10 kutoka kwenye betri. Nje kuna banda la ng'ombe lenye taa ya wati 10, mita 15 zaidi kutoka pale waya wa ndani unapoishia. Gawa wati kwa volti upate ampea: taa za ndani zinavuta 2.1, ya bandani 0.83, jumla 2.9.

Fundi wa waya wa 1.5 hupitisha njia moja tu. Mita 10 za kwanza zinabeba mkondo wote: 10 mara 2.9 mara 0.036, gawa kwa 1.5, unapata volti 0.70. Mita 15 za kwenda bandani zinabeba mkondo wa taa moja, nazo zinapoteza 0.30. Jumla ni volti 1 nzima. Taa ya bandani inapata 11 wakati betri ina 12, na usiku wa manane betri ikishuka, inapata pungufu ya hapo.

Angeweza kununua waya wa 4 kwa ile njia ya kwanza, lakini ipo njia nyingine: kutenganisha. Njia moja iwe ya taa za ndani peke yake, na nyingine ianzie pale kwenye betri hadi bandani bila kugusana na ya kwanza. Kwa waya wa 2.5, njia ya ndani inapoteza 10 mara 2.1 mara 0.036 gawa kwa 2.5, yaani volti 0.30. Njia ya bandani ni ndefu, mita 25, lakini inabeba ampea 0.83 tu, nayo inapoteza 0.30 vilevile. Zote mbili ziko chini ya 0.36. Isitoshe, ng'ombe akikata waya wa bandani kwa pembe, watu wa ndani hawabaki gizani.

Hesabu hiyo ya ndani imechukulia kwamba taa zote tano ziko mwisho wa waya. Kwa kuwa kwa kweli zimetawanyika njiani, hasara halisi itakuwa ndogo kidogo. Ibaki hivyo, maana inafidia joto la chini ya bati, ambalo huongeza ukinzani wa shaba.

Tahadhari moja dukani: kanuni hii ni ya shaba tupu. Kuna waya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba. Kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, siyo shaba. Na ukikuta waya wa kutoka nje umeandikwa AWG, kumbuka namba huko zinakwenda kinyume: kubwa ni waya mwembamba. Ya 14 ni karibu milimita 2.1 za mraba, ya 12 ni karibu 3.3.

Sasa fyuzi. Wengi hudhani iko pale kulinda taa. Taa ikiharibika imeshaharibika. Fyuzi inalinda waya, na kwa kuulinda waya inalinda nyumba. Volti 12 hazimrushi mtu, na hilo huwafanya watu wazidharau. Lakini betri ya asidi ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea elfu moja kwa muda mfupi, za kutosha kuufanya waya mwembamba uwe mwekundu na kuyeyusha ganda lake.

Ukubwa wa fyuzi unakaa kati ya mipaka miwili. Chini, izidi mkondo wa kawaida kwa angalau robo, isije ikakatika bila sababu: ampea 2.1 mara 1.25 ni 2.6. Juu, isizidi kile ambacho waya unaweza kubeba bila kupata moto. Waya wa 2.5 hubeba karibu ampea 20 ukiwa ndani ya bomba, pungufu kidogo kwenye joto. Kati ya 2.6 na 20 kuna nafasi kubwa, na mtu anaweza kujiwekea 15 akaridhika. Afadhali akae karibu na mpaka wa chini. Kwa njia ya ndani fyuzi ya 5 inafaa, na kwa ya bandani 3 inatosha.

Sababu ya kuikaribia chini inaonekana shoti ikitokea mbali na betri. Waya wenyewe hupunguza mkondo wa shoti. Kwenye njia yetu ya bandani, mita 25 za waya wa 2.5 zina ukinzani wa omu 0.36, kwa hiyo shoti ya mwisho wa njia huvuta karibu ampea 33. Fyuzi ya 3 itakatika papo hapo. Sasa mfikirie aliyevuta waya wa spika wa 0.5 kwa mita 20 akaweka fyuzi ya 10. Ukinzani ni omu 1.44, na shoti huko mwisho inavuta ampea 8 tu. Fyuzi ya 10 itakaa kimya usiku kucha huku karibu wati 100 zikigeuka joto ndani ya waya huo mwembamba, na joto hilo hujikusanya pale ulipofungwa mafungu au kufunikwa na makuti.

Fyuzi za gari, zile bapa za plastiki, zinafaa sana kwa kazi hii, na maduka ya spea huziuza pamoja na makasha yake. Rangi zina maana: zambarau ni 3, kahawia hafifu ni 5, nyekundu ni 10, buluu ni 15. Ukipenda swichi ya kujikata badala ya fyuzi, hakikisha imeandikwa DC, kwa kuwa nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa umeme wa gridi.

Mahali nako ni muhimu. Fyuzi kuu ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya kama sentimeta 20 kutoka betri, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina wa kukilinda. Isikae juu ya vifuniko vya betri, maana betri ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Kwa chaji kontrola ya ampea 10 katika mfano wetu, fyuzi kuu ya 15 na waya wa 4 wa mita moja hivi vinatosha kuiunganisha na betri. Kutoka kwenye vituo vya kontrola vilivyoandikwa LOAD, waya uende kwenye kasha lenye fyuzi mbili ndogo, ya 5 na ya 3. Shoti ikitokea bandani, ya 3 ndiyo inayopaswa kukatika kwanza.

Taabu huja mwaka wa pili, televisheni ya wati 40 inapoingia. Inavuta ampea 3.3, na ikichomekwa kwenye njia ya taa za ndani jumla inakuwa 5.4. Fyuzi inaweza kukatika. Mtu anaweka ya 15, au anazungusha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na kila kitu kinawaka. Waya wa 2.5 hautaungua kwa ampea 5.4, lakini hasara mwisho wa njia sasa inakaribia volti 0.8, na kwa ile karatasi ya sigara njia hiyo haina tena fyuzi yake ya kuilinda. Televisheni ipewe njia yake, kwa hesabu ileile.

Kazi ikikamilika, subiri usiku, washa taa zote, upime volti kwenye betri na mara moja baadaye kwenye taa ya mbali. Tofauti ya karibu 0.3 inaonyesha hesabu imetimia. Ukikuta 0.8, usibadilishe waya bado. Pima kabla na baada ya kila kiungio na swichi, na uguse kwa kidole: kiungio kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu huweza kula volti nyingi kuliko mita kumi za waya, na huwa na joto. Kikate, kiunge upya kwa konekta ya skrubu, kisha pima tena.