Mche Mmoja, Ndoo Moja kwa Wiki

Msimu wa kupanda miti ukikaribia, klabu za mazingira mashuleni hutengeneza slaidi. Ni picha sita au nane zenye maneno, zinazowekwa pamoja Instagramu au kutumwa kwenye kundi la Wasapu la wazazi, na msomaji anazipitia kwa kutelezesha kidole. Ukizifungua, mara nyingi ya kwanza inasema tupande miti, ya pili inasema miti husafisha hewa, ya tatu inasema miti huleta mvua, na ya nne inasema miti ni uhai. Hakuna atakayebishana nazo. Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyekabidhiwa mche bado hajui achimbe mwezi gani, shimo liwe la ukubwa gani, na Julai nani atamwagilia.

Slaidi inayofanya kazi hubeba tendo moja na sababu moja, na sababu hiyo lazima imsaidie mtu kulitenda lile tendo vizuri zaidi. Hewa safi ni sababu ya kweli, ila haikuelekezi ulipaswa kutumia ndoo ngapi. Kwa hiyo ninapopitia slaidi za klabu huwa naziuliza maswali mawili. Je, sababu hii inamwambia msomaji lini, wapi au kiasi gani? Na je, ningeipeleka slaidi hii Moshi au Tanga bila kubadili neno, ingebaki sahihi? Kama jibu la swali la kwanza ni hapana na la pili ni ndiyo, slaidi hiyo bado haijaijua shule yake.

Tuchukue shule ya sekondari ya kutwa pembezoni mwa jiji la Dodoma. Hapa mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha kati ya Machi na Aprili, kisha kiangazi kinatawala hadi mwaka unakaribia kwisha. Udongo ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Mbuzi wa majirani hupita uwanjani. Klabu imeahidiwa miche 40 na bustani ya miche ya jirani, mingi ikiwa mwarobaini na mkwaju, na mwalimu mlezi anataka slaidi saba, za kuwekwa mtandaoni na pia kuchapwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, maana wanafunzi hawaji na simu shuleni.

Slaidi ya kwanza ningeiandika hivi: "Tupande miche 15 tu. Maji yetu ya kiangazi yanatosha 15." Najua itawashtua wengi, kwa kuwa miche 40 ipo na ni ya bure. Lakini fanya hesabu. Mche mchanga katika joto la Dodoma ukipewa lita 10 mara mbili kwa wiki unatumia lita 20, yaani ndoo moja ya kawaida. Miche 15 ni ndoo 15 kwa wiki. Miche 40 ni ndoo 40, kila wiki, tangu Mei hadi mvua zirudi. Shule ambayo wanafunzi wake wenyewe hubeba maji kutoka nyumbani haiwezi kuahidi ndoo 40. Idadi ya miti inaamuliwa na maji ya Septemba, na slaidi hii inaliweka wazi jambo hilo kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Miche 25 inayobaki wagawiwe wanafunzi waende nayo nyumbani, ambako ndoo moja kwa wiki inapatikana, hata ikiwa ni maji yaliyooshea mboga.

Kwa nini lita 10 mara mbili kwa wiki, wala si kikombe kila siku? Mizizi hufuata maji. Ukimwagia kidogo kila jioni, unyevu unabaki juu, mizizi inabaki juu pamoja nao, na jua la saa saba linaikuta hapo. Ukimwagia kwa wingi na kuacha siku tatu nne, maji yanashuka na mizizi inashuka nayo. Hili linastahili slaidi yake: "Mwagilia Jumatatu na Alhamisi, nusu ndoo kila mara. Maji mengi hushuka, na mizizi huyafuata." Kutaja siku ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu siku zikitajwa zamu zinapangika.

Slaidi ya mwezi ni fupi: "Panda Januari, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Mche upate mvua miezi miwili au zaidi kabla ya kiangazi." Hapa klabu nyingi huingia mtegoni. Siku ya Kupanda Miti kitaifa ni Aprili 1, na sherehe hupendeza. Pwani na kaskazini tarehe hiyo inaangukia masika. Dodoma inaangukia mvua zikiwa ukingoni, na mche uliopandwa siku hiyo unaingia kiangazi ukiwa haujashika ardhi. Klabu inaweza kuisherehekea Aprili 1 kwa kuzungushia uzio miche iliyopandwa Januari.

Kisha shimo. Vipimo vinavyotumika sana maeneo makavu ni sentimita 60 upana na 60 kina. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine, halafu ule wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na urudi shimoni kwanza, kwenye mizizi. Samadi mbichi huunguza. Yote hayo ni ya kweli, na ndiyo maana hayawezi kuingia kwenye slaidi moja. Kinachobaki ni "Chimba sentimita 60, urefu wa rula mbili. Udongo wetu mgumu hauruhusu mizizi kupita isipolegezewa." Mengine mwalimu atayaonyesha shambani kwa jembe. Rula ya mwanafunzi ni sentimita 30, na kila mmoja anayo mkobani, hivyo kipimo kinatembea naye.

Ningetumia nafasi kubwa zaidi kwenye slaidi ya kisahani, ile kingo ya udongo inayozungushwa chini ya mche. Kwenye mteremko inakuwa nusu mwezi, mgongo wake ukielekea bondeni na mikono yake ikielekea juu, ili maji yanayoteremka yanaswe. Watu wengi huiona kama urembo. Lakini milimita 10 za mvua zikinyesha juu ya mita mraba moja ni lita 10, hesabu ambayo kidato cha pili wanaweza kuithibitisha ubaoni. Nusu mwezi unaokusanya maji ya mita mraba nne unapitiwa na lita 40 katika mvua hiyo moja. Sehemu itazama kabla ya kufika na sehemu itatoroka pembeni, lakini hata nusu yake ni ndoo nzima ambayo hakuna mtoto aliyeibeba kichwani. "Jenga kisahani upande wa chini wa mche. Mvua moja nzuri inakubebea ndoo nzima." Picha yake ipigwe mara baada ya mvua, maji yakiwa bado yametuama, kwa sababu hapo sababu inaonekana kwa macho.

Kuhusu kiriba na mbuzi nitasema kwa kifupi. Kiriba kichanwe na kutolewa kabla ya kupanda, kwa kuwa mizizi iliyofungiwa hujizungusha na mche hudumaa. Uzio wa miiba uwekwe siku ileile, kwa kuwa mbuzi akila ncha mara moja mti haupandi juu tena vizuri, hutawanyika kama kichaka. Mwarobaini ni mchungu na mbuzi humwepuka kwa kiasi fulani. Mkwaju hana kinga hiyo.

Slaidi ya saba haihusu kupanda kabisa, nami ningeipigania iwemo. Nyuma ya shule nyingi za Dodoma kuna visiki vya migunga na miti mingine iliyokatwa kwa kuni au mkaa, na mvua ikinyesha vinachipua. Kwaruza gome kwa kucha. Ukiona kijani, mizizi iko hai. Unachagua machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, unakata mengine, unapogolea matawi ya chini ya yale uliyoyaacha, na kufunga kitambaa ili mtu asikate akidhani ni kichaka. Tony Rinaudo aliianza kazi kama hii nchini Niger mwaka 1983 baada ya kuona miche mingi aliyokuwa akiipanda ikifa. Huku Dodoma shirika la LEAD Foundation limeieneza vijijini kwa jina la Kisiki Hai. Slaidi isome: "Kabla ya kupanda, tafuta kisiki kinachochipua. Mizizi yake tayari iko chini, hahitaji ndoo." Kwa shule iliyopungukiwa maji, hiyo inarefusha hesabu ya miti bila kugusa hesabu ya ndoo. Haifai tu pale ambapo uwanja ulishang'olewa visiki na kusawazishwa zamani.

Kuna sababu nyingine ya kushikilia tendo moja kwa slaidi. Picha zikitumwa Wasapu hutawanyika. Mzazi atapeleka ya tatu kwa shangazi yake bila ya pili wala ya nne. Kwa hiyo kila moja ijitosheleze: jina la shule pembeni, tendo kwa maneno yasiyozidi kumi kwa herufi kubwa, sababu chini yake, na picha iliyopigwa palepale. Picha ya msitu wa misonobari iliyochukuliwa mtandaoni inamwambia msomaji wa Dodoma kwamba haya si ya kwake. Ukubwa wa pikseli 1080 kwa 1350 hujaza kioo cha simu vizuri. Piga picha mikono, jembe na mche; sura za wanafunzi zisionekane bila ridhaa ya wazazi.

Likizo ya Juni ina slaidi yake ya ziada, ambayo haina picha. Ina majina ya mitaa iliyo karibu na shule na wiki za zamu, kwa sababu wakati huo wanaokaa mbali hawaji, na mche hauvumilii mwezi mzima mkavu.

Novemba, kabla mvua hazijarudi, klabu ihesabu. Ikiwa katika 15 walio hai ni 11, hiyo ni karibu asilimia 73. Halafu ing'oe ile minne iliyokufa na kuitazama. Mizizi iliyobaki na umbo la mviringo inasema kiriba hakikutolewa. Ncha iliyokatwa ni mbuzi. Shina lililoliwa usawa wa ardhi huku limezungukwa na nyasi kavu ni mchwa, na hapo slaidi mpya inajiandika: "Weka matandazo, lakini yaache shina kiganja kimoja. Nyasi kavu zikigusa shina, mchwa hupanda." Mche uliokauka mzima, mizizi yake ikiwa imetanda juu juu, unakurudisha kwenye slaidi ya Jumatatu na Alhamisi, na kwenye daftari la zamu ili kuona ni wiki gani hazikutiwa alama.