Ukingo wa Fedha: Wingu la Kompyuta Linavyopata Mwanga

Jua linapokaribia kuzama nyuma ya milima ya Horizon Zero Dawn, gemu iliyotoka mwaka 2017 kwa ajili ya PlayStation 4, mawingu yake huwa na kivuli katikati na mstari mweupe unaong'aa pembeni. Hakuna mchoraji aliyeuchora mstari huo. Unatokana na hesabu inayofanywa upya kila mchezaji anapotazama juu. Andrew Schneider na Nathan Vos, wa kampuni ya Guerrilla ya Amsterdam, walieleza ufundi wake hadharani mwaka 2015 katika mkutano wa SIGGRAPH, na wengi wanaotengeneza mawingu ya kompyuta leo wanafuata njia iliyo karibu na yao.

Vitu vingi ndani ya gemu ni maganda matupu. Nyumba, mti au farasi huundwa kwa pembetatu nyingi zilizounganishwa, na ndani hamna kitu. Wingu halina ganda: ni matone ya maji yaliyotawanyika hewani, mengi hapa na machache pale. Kwa hiyo kompyuta haihifadhi umbo la wingu, bali kanuni inayojibu swali moja tu: mahali hapa angani, msongamano wa matone ni kiasi gani? Jibu ni namba, kuanzia 0 hadi 1.

Ili kupata picha, kila pikseli ya skrini hutuma mwale kutoka kwenye jicho la mtazamaji. Guerrilla waliweka mawingu yao kati ya mita 1,500 na mita 4,000 kutoka ardhini. Mwale ukifika katika tabaka hilo huanza kupiga hatua, na kila hatua huuliza msongamano. Ukitazama juu moja kwa moja, hatua 64 hutosha. Ukitazama upeo wa macho, mwale hupita kimshazari na safari huwa ndefu, hivyo hatua huongezwa hadi 128.

Jibu la swali la msongamano hutoka kwenye ruwaza mbili za nasibu zilizochanganywa. Ya kwanza ni ya Ken Perlin, ya mwaka 1985, ambayo hupanda na kushuka polepole. Ikitumika peke yake hutoa kitu kama ukungu. Ya pili ni ya Steven Worley, aliyeitangaza mwaka 1996, nayo ndiyo inayolipa wingu mavimbe yake. Gawa anga katika visanduku vilivyo sawa, kisha ndani ya kila kisanduku tupa nukta moja popote. Sasa chukua mahali popote na upime umbali hadi nukta iliyo karibu zaidi. Geuza jibu, yaani toa umbali huo kutoka kwenye 1, na utapata matufe yaliyobanana kama kichwa cha koliflawa.

Kupima umbali huo katika kila hatua kungeichosha mashine, kwa sababu ni lazima kukagua kisanduku ulichomo pamoja na majirani zake 26. Kwa hiyo ruwaza hukokotolewa mapema na kuwekwa kwenye mchemraba wa namba 128 kila upande. Mchemraba mwingine mdogo, wa 32 kila upande, hubeba Worley ya vipande vidogo zaidi, na kazi yake ni kumega pembeni mwa wingu tu. Katikati haguswi mtu: huko kila kitu kimefunikwa, na kazi ya ziada isingeonekana.

Hadi hapa tuna umbo lisilo na mwanga. Mwanga huhitaji safari ya pili. Kila mara mwale wa jicho unapokuta matone, husimama, na kutoka hapo hatua nyingine chache hupigwa kuelekea jua. Guerrilla walitumia sita. Tunajumlisha msongamano unaokutwa njiani, kila mmoja ukizidishwa kwa urefu wa hatua yake:

```glsl
float d = 0.0;
for (int i = 0; i < 6; i++) {
  p += jua * hatua;
  d += msongamano(p) * hatua;
}
float mwanga = exp(-d);
```

Mstari wa mwisho ni sheria ya Beer: mwanga hupungua kwa kasi kadiri unene unaopitiwa unavyoongezeka. Anayesahau kuzidisha kwa `hatua` atajigundua haraka, maana kila akibadilisha idadi ya hatua, wingu lake litakuwa zito au jepesi bila sababu.

Na ukingo wa fedha? Tuseme jua liko nyuma ya wingu, sawasawa na macho yetu. Mwanga huingia kwa nyuma, hugonga tone, kisha hutokeza kwetu. Popote palipo na hilo tone, safari nzima ni ileile: unene wote wa wingu. Kwa hiyo, unene ukiwa d, mwanga unaotufikia unalingana na d × e⁻ᵈ. Unene ukiwa 0.1, tunapata 0.09, kwa sababu matone ni machache na karibu hakuna cha kuugeuza mwanga. Ukiwa 1 tunapata 0.37, na hicho ndicho kilele. Ukiwa 4 tumerudi 0.07, na ukiwa 8 hakuna cha maana kilichobaki. Ukitembeza jicho kutoka nje kuelekea katikati ya wingu, utaona hafifu, kisha angavu, kisha giza. Mstari mweupe ni pale tu unene unapopita karibu na 1. Ndiyo maana mimi huona si haki kuuita pambo.

Kuna jambo la pili linalouongezea nguvu. Tone la maji halirushi mwanga sawa pande zote. Sehemu kubwa huendelea mbele. Hesabu inayotumika ilitungwa mwaka 1941 na wanaastronomia Henyey na Greenstein, waliokuwa wakichunguza vumbi kati ya nyota. Ina kipimo kimoja, g. Kikiwa 0.8, mwanga unaokwenda mbele ni mara 729 ya unaorudi nyuma. Hiyo nayo ni njia rahisi ya kukagua kazi: lipe jua mgongo, na ukingo unapaswa kutoweka. Ukibaki, kuna kosa.

Hesabu hii ina upungufu, kwani inadhani mwanga hugonga tone mara moja tu. Ndani ya wingu halisi hugonga mara nyingi na kuenea, na wingu la gemu lisilozingatia hilo huwa jeusi katikati kama moshi wa lori bovu. Guerrilla baadaye waliongeza mteremko wa pili, wa polepole, na kuchukua ulio mkubwa kati ya miwili: `max(exp(-d), 0.7*exp(-0.25*d))`. Kwa unene wa 4, mwanga hupanda kutoka 0.02 hadi 0.26. Si fizikia kamili, lakini macho hukubali.

Gharama nayo ni kubwa. Mwanzoni mawingu yalikula milisekunde 20 hivi kwa kila fremu, wakati gemu ya fremu 30 kwa sekunde ina milisekunde 33 tu kwa kazi zake zote. Suluhisho lilikuwa kukokotoa pikseli moja kati ya 16 katika kila fremu na kuziazima nyingine kutoka fremu zilizopita. Gharama ikashuka hadi milisekunde 2 hivi.

Anayetaka kujaribu mwenyewe aanze na tufe moja la msongamano usiobadilika, aweke jua nyuma yake, kisha apunguze msongamano hadi ukingo uonekane. Worley ije baadaye, mwanga ukishakaa sawa.