Nyumba ya kupangisha: gharama zipi hupunguza kodi ya mapato ya pango?

Mkazi wa Buyenzi, jijini Bujumbura, anaweza kuwa na nyumba aliyorithi au kuijenga Biryogo, jijini Kigali, na kuipangisha huko. Mwaka ukiisha hujiuliza: je, saruji, mabati na mkopo wa benki vitapunguza kodi anayodaiwa? Jibu halitegemei mahali anapoishi, bali mahali nyumba ilipo. Pango la nyumba iliyoko Kigali hutozwa kodi kwa sheria ya Rwanda. La nyumba iliyoko Buyenzi hufuata sheria ya Burundi na hutangazwa kwa Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR.

Sheria ya Rwanda ni mfano mzuri, kwa kuwa inatenganisha matengenezo na riba kwa namna ambayo wengi huikosea.

Matengenezo: nusu bila stakabadhi

Sheria nambari 75 ya mwaka 2018 iliweka kanuni kwamba mtu binafsi anayepangisha nyumba hupunguziwa nusu ya pango lote la mwaka, ikihesabiwa kuwa ndiyo gharama ya kuitunza nyumba. Haulizwi alitumia kiasi gani. Aliyeziba bati moja na aliyeezeka paa zima hupata nusu ileile, na hata ambaye hakugusa nyumba mwaka mzima huipata.

Kwa hiyo stakabadhi za fundi haziongezi chochote. Anayepunguza nusu hiyo, kisha akaondoa tena bei ya rangi na mabomba, amehesabu gharama moja mara mbili.

Riba: iliyolipwa kweli, yenye ushahidi

Juu ya nusu hiyo, sheria inaruhusu kupunguza riba ya benki iliyolipwa kwa mkopo wa kujenga au kununua nyumba hiyo inayopangishwa. Hapa ushahidi unatakiwa, na riba huhesabiwa tangu nyumba ilipoanza kupangishwa. Riba iliyolipwa wakati kuta zingali zinapandishwa, kabla ya mpangaji kuingia, haimo.

Kinachoangaliwa ni kazi iliyofanywa na fedha za mkopo. Mtu anaweza kuweka hati ya nyumba yake rehani ili anunue gari. Riba ya mkopo huo haihusiani na pango, ingawa nyumba ndiyo dhamana.

Kosa la kawaida zaidi ni kupunguza rejesho zima la benki. Rejesho lina sehemu mbili: riba, ambayo ni gharama ya kukopa, na deni lenyewe linalorudishwa. Kurudisha deni si gharama, kwa maana fedha hizo tayari zimegeuka kuwa nyumba ya mkopaji.

Hesabu yenyewe

Tuseme nyumba ya Biryogo inapangishwa kwa faranga za Rwanda 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Nusu ikiondolewa, zinabaki 1,200,000. Mwenye nyumba amelipa benki 900,000 mwaka huo: 500,000 ni riba na 400,000 ni deni. Anaondoa 500,000 tu, na mapato yanayotozwa kodi yanakuwa 700,000.

Kwa viwango vya sheria hiyo, faranga 180,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 1,000,000 kodi ni asilimia 20, na zaidi ya hapo ni asilimia 30. Faranga 520,000 zilizobaki hutozwa asilimia 20, na kodi inakuwa 104,000.

Kama asingekuwa na mkopo, angelipa 224,000. Na kama angeondoa rejesho zima la 900,000, hesabu ingeonyesha 24,000 tu, na angebaki akidaiwa 80,000. Karatasi ya kumwokoa ni taarifa ya benki inayotenga riba na deni, ambayo yafaa kuiomba kabla ya Januari 31, siku ya mwisho ya kutangaza pango la mwaka uliotangulia.

Si kila nchi hufanya hivyo

Nchini Kenya, tangu Januari 2024, pango la nyumba za makazi la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya pango lote, bila kupunguza ukarabati wala riba. Anayetaka kupunguza gharama huomba kutozwa kwa utaratibu wa kawaida. Huko ndiko stakabadhi hupata kazi, na ndiko tofauti kati ya kukarabati na kuongeza huwa na uzito: kubadilisha bati lililotoboka hurudisha nyumba ilivyokuwa na hupunguzwa, bali kuongeza chumba kipya ni kuikuza mali, na hakupunguzwi kama ukarabati.

Hivyo mwenye nyumba mbili, moja Buyenzi na nyingine Biryogo, ana hesabu mbili. Nusu ya Kigali haihamishiki hadi kwenye dirisha la OBR. Huko ataanza kwa kuuliza kama gharama hukadiriwa kwa asilimia au kwa stakabadhi.