Dirisha Linaloteleza Juu ya Neno

Chukua neno "kiswahili", lenye herufi tisa. Ndani yake, ni kipande gani cha herufi zinazofuatana kilicho kirefu kuliko vyote bila herufi yoyote kujirudia? Asiye na haraka ataviorodhesha vipande vyote na kukagua kimoja kimoja. Viko 45. Lakini mstari wa herufi 1,000 una vipande 500,500, na hapo hata kompyuta huanza kuhangaika bure.

Watengenezaji wa programu hutumia dirisha linaloteleza. Dirisha lina kingo mbili. Ukingo wa kulia husogea herufi moja moja. Wa kushoto hutulia mpaka ulazimike kuhama. Pembeni pana daftari dogo linaloandika kila herufi ilionekana mara ya mwisho nafasi ya ngapi.

Tuanze. K, i, s, w, a, h: dirisha limefika herufi sita, hakuna kilichojirudia, tunaandika rekodi ya 6. Herufi ya saba ni i. Daftari linasema i ilikuwa nafasi ya 2, kwa hiyo ukingo wa kushoto unaruka moja kwa moja hadi nafasi ya 3, kwenye s. Ruko hilo ndilo siri yote: kipande chochote kinachoanzia kwenye k au i ya kwanza na kufika hapa kitakuwa na i mbili, basi cha nini kukijaribu? Sasa tuna "swahi", herufi tano. Ikija l inakuwa "swahil", sita tena. Herufi ya mwisho ni i, iliyoonekana nafasi ya 7. Ukingo unahamia nafasi ya 8, linabaki "li". Jibu ni 6. Kwa kuwa kingo zote mbili husonga mbele tu, mstari wa herufi 1,000 hauzidi hatua 2,000 hivi.

Wengi huteleza kwenye neno fupi kama "amma". M ya pili inausukuma ukingo hadi nafasi ya 3. Kisha inakuja a, na daftari linasema ilikuwa nafasi ya 1. Programu isiyo makini inautii ushauri huo na kuurudisha ukingo nyuma hadi nafasi ya 2. Dirisha linakuwa "mma" na jibu linatoka 3, ilhali m ziko mbili ndani yake. Jibu sahihi ni 2. Herufi iliyokwisha kuachwa nje ya dirisha haihesabiwi, na kinga yake ni mstari mmoja:

```python
kushoto = max(kushoto, mwisho[h] + 1)
```

Jambo jingine dogo: kwa kompyuta, K kubwa na k ndogo ni herufi mbili tofauti. Ukiiandikia "Kikombe" itakujibu 7. Ukiandika "kikombe", 6.