Ghala limeuzwa, mwenyewe bado yumo ndani

Tuchukue kampuni ya kufikirika inayosambaza unga, sukari na mafuta ya kula kutoka ghala lake kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kwenye vitabu, ghala hilo limebaki na thamani ya shilingi milioni 1,200 baada ya kukatwa uchakavu wa miaka yote. Sokoni linauzika kwa milioni 2,000. Kampuni inadaiwa na viwanda vinavyoileta bidhaa, benki imegoma kuongeza mkopo, na biashara haiwezi kusubiri. Inaliuza ghala kwa mwekezaji kwa milioni 2,000 na hapohapo inatia saini mkataba wa kulipanga kwa miaka 8, pango likiwa milioni 180 kila mwisho wa mwaka.

Kesho yake hakuna aliyehama. Mlinzi wa getini ni yuleyule, makuli wanapakia malori kama jana, na funguo ziko kwa mtunza stoo. Kilichobadilika ni jina kwenye hati, salio la benki, na kazi inayomsubiri mhasibu mezani.

Mkurugenzi amekwishapiga hesabu yake: aliuza kwa milioni 2,000 kitu cha milioni 1,200, kwa hiyo faida ni milioni 800. Mhasibu anamletea rasimu ya taarifa yenye faida ya milioni 466. “Milioni 334 zimeenda wapi?” anauliza mkurugenzi, na swali lake ni halali kabisa, maana fedha zote 2,000 zimeingia benki na hakuna aliyemega hata senti.

Zamani asingekuwa na haja ya kuuliza. Hadi mwisho wa mwaka 2018, kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha zilitumia kanuni ya zamani. Kama bei ilikuwa ya soko na upangaji ulikuwa wa kawaida, kampuni ingeandika milioni 800 zote kuwa faida ya mwaka huo. Ghala lingeondoka kwenye mizania, na lile deni la kulipa pango miaka 8 lisingeonekana humo kabisa. Kwa mkurugenzi aliyetaka kupamba mwaka mbaya, dawa ilikuwa karibu: uza jengo, baki humohumo, tangaza faida. Tangu tarehe 1 Januari 2019 kiwango namba 16, ambacho wahasibu hukiita IFRS 16, kimefunga mlango huo.

Hoja yake haina utata. Mtu akiuza shamba la minazi lakini akabaki na haki ya kuchuma nazi zote kwa miaka 8, hajamwachia mnunuzi shamba zima. Amemwachia shamba la baada ya miaka 8, pamoja na haki ya kulipwa. Kampuni yetu vilevile haijauza matumizi ya ghala kwa miaka 8 ijayo, imeyabakiza. Faida inayohusu sehemu iliyobakizwa haiwezi kuhesabiwa leo, kwa sababu huwezi kupata faida kwa kujiuzia mwenyewe.

Kabla ya kugawa faida, mhasibu lazima ajiridhishe kwamba mauzo yenyewe ni mauzo. Hapa ndipo mikataba mingi huanguka, na kasoro yenyewe mara nyingi imefichwa kwenye kifungu kifupi cha kurasa za mwisho. Kifungu cha kutafuta ni kile kinachompa muuzaji haki ya kulinunua tena ghala akitaka. Wenye kampuni hukipenda sana, maana ghala ni jasho lao na wanatumaini siku moja kulirudisha. Lakini ikiwa muuzaji anaweza kulidai jengo wakati wowote anaotaka, mnunuzi hajapata mamlaka juu yake, na kwa macho ya kiwango hakuna kilichouzwa. Ghala linabaki kwenye vitabu na kuendelea kukatwa uchakavu, milioni 2,000 zinaandikwa kuwa mkopo, na faida ni sifuri. Haki ya kupewa nafasi ya kwanza ni jambo jingine: hapo mwenye jengo ndiye anayeamua kama atauza au la, na kwa kawaida kifungu cha namna hiyo peke yake hakivunji mauzo.

Mkaguzi wa hesabu ataulizia pia nyaraka za uhamisho. Tanzania ardhi ni ya umma, hivyo kinachohamishwa ni haki ya kuimiliki pamoja na jengo lililo juu yake. Mkataba uliotiwa saini Desemba, huku maombi ya uhamisho yakiwa bado mezani Machi, utazua maswali kuhusu mwaka upi mauzo yamefanyika.

Tuseme kampuni yetu imevuka hapo. Sasa inahitaji tarakimu moja ambayo haipo popote kwenye mkataba: thamani ya leo ya mapango yote 8. Milioni 180 zitakazolipwa mwaka ujao hazina uzito wa milioni 180 zilizo mkononi leo. Kwa riba ya asilimia 14, pango la mwaka wa kwanza lina thamani ya milioni 157.9 leo, na lile la mwaka wa nane limenywea hadi milioni 63.1. Jumla ya yote 8 ni milioni 835. Hilo ndilo deni la upangaji.

Milioni 835 ni asilimia 41.75 ya bei ya ghala. Kwa hiyo tunasema kampuni imebakiza asilimia 41.75 ya ghala na kumpa mnunuzi asilimia 58.25. Faida yote ya milioni 800 inagawanywa kwa mizani hiyohiyo: asilimia 58.25 yake ni milioni 466, na ndiyo inayotangazwa. Sehemu iliyobakizwa nayo haipandishwi hadi bei ya soko, bali inabebwa kwa thamani yake ya zamani ya vitabuni: asilimia 41.75 ya milioni 1,200, yaani milioni 501. Hiyo inaingia kwenye mizania kama mali mpya iitwayo haki ya kutumia ghala.

Siku ya mauzo daftari linasomeka hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

Debiti: Benki 2,000
Debiti: Haki ya kutumia ghala 501
Krediti: Ghala 1,200
Krediti: Deni la upangaji 835
Krediti: Faida ya mauzo 466

Kila upande una 2,501. Mkurugenzi akiangalia vizuri ataziona milioni 334 zake zimejificha kati ya mistari miwili: deni la upangaji ni 835, lakini haki ya kutumia ni 501 tu. Tofauti ni 334 kamili.

Wala hazikupotea. Mwisho wa mwaka wa kwanza riba ya asilimia 14 kwenye deni la milioni 835 ni milioni 116.9, na hiyo ni gharama. Pango la milioni 180 likilipwa, milioni 116.9 zinafuta riba na milioni 63.1 zinapunguza deni, ambalo linabaki milioni 771.9. Haki ya kutumia inakatwa uchakavu kwa miaka 8, sawa na milioni 62.6 kwa mwaka. Ukijumlisha riba zote hadi mwaka wa nane unapata milioni 605. Ongeza uchakavu wote wa milioni 501, na gharama inayopita kwenye vitabu ni milioni 1,106, wakati fedha taslimu zilizolipwa ni milioni 1,440. Pungufu ni milioni 334. Faida ile inarudi kidogokidogo, kwa njia ya gharama iliyo nyepesi kuliko pango lenyewe.

Kwenye hesabu yote hii, penye mwanya mkubwa ni ile asilimia 14. Pango limo kwenye mkataba na bei ya soko ina ripoti ya mthamini, lakini riba iliyofichwa ndani ya mkataba mara nyingi haijulikani. Hapo kampuni hutumia riba ambayo ingetozwa kama ingekopa kiasi kama hicho, kwa muda kama huo na kwa dhamana ya namna hiyo. Ikichagua asilimia 18, deni linashuka hadi milioni 734 na faida inapanda hadi milioni 506. Ikichagua asilimia 10, deni linakuwa milioni 960 na faida inabaki milioni 416. Ghala ni lilelile na pango halikubadilika, lakini pengo la faida ni milioni 90. Riba ya juu humfurahisha mkurugenzi mara mbili, kwa kukuza faida na kufifisha deni, kwa hiyo mkaguzi makini ataomba kuona barua ya karibuni ya benki yenye riba ambayo kampuni ilipewa kweli.

Bei nayo huchezewa. Tuseme mnunuzi amekubali kulipa milioni 2,300 kwa ghala la milioni 2,000. Ukiona hivyo, litazame pango. Hakuna mwekezaji anayegawa milioni 300 bure. Atazirudisha kwa kutoza, tuseme, milioni 244.7 kwa mwaka badala ya 180. Kiwango namba 16 kinaziita zile 300 kwa jina lake: mkopo. Zinaandikwa kama deni pembeni ya lile la 835, milioni 64.7 za kila pango zinahesabiwa kuwa marejesho yake, na faida inabaki milioni 466 kama mwanzo. Bei ikiwa chini ya soko ili pango liwe nafuu, pengo linahesabiwa kuwa pango lililolipwa mapema.

Mamlaka ya mapato haifungwi na mgawanyo huu. Inatoza kwa sheria yake ya kodi, kwa bei iliyouziwa na gharama inazozitambua yenyewe, kwa hiyo faida inayotozwa kodi haitalingana na milioni 466. Tofauti hiyo huzaa mstari wa kodi iliyoahirishwa, na fedha za kulipia kodi ni vizuri zitengwe siku ileile milioni 2,000 zinapoingia, kabla hazijaishia kwa wadai.

Kuna jambo la mwisho ambalo huwachanganya hata watu wa benki. Kampuni nyingi za kati hazitumii viwango vizima vya kimataifa, bali toleo fupi lililotungwa kwa ajili ya biashara ndogo na za kati. Toleo hilo bado linafuata mtindo wa zamani: mauzo yakiwa kwa bei ya haki na upangaji ukiwa wa kawaida, faida yote ya milioni 800 inatambuliwa mara moja na deni la upangaji haliingii kwenye mizania. Kampuni mbili zilizopakana ukuta, zenye maghala pacha na mikataba inayofanana neno kwa neno, zinaweza kutangaza faida ya milioni 466 na milioni 800, na zote zikapata hati safi ya ukaguzi. Aliyeshika taarifa hizo mbili atajua sababu akifungua maelezo ya sera za uhasibu, yanayoanza mara tu baada ya kurasa za tarakimu.