Kibao Kidogo, Maneno Marefu

Simu inapotafsiri kibao kilichopigwa picha, kutafsiri ni nusu tu ya kazi. Programu hutafuta kisanduku cha maandishi, hufuta herufi za zamani kwa kujaza rangi ya mandhari, kisha huandika upya ndani ya kisanduku hichohicho. Kiswahili ndipo kinapobanwa.

Chukua kibao cha Kiingereza cha kukataza maegesho: maneno mawili, nafasi 10. Tuseme kisanduku kina upana wa pikseli 400 na kimo cha 120, na kila herufi inakula pikseli 40 kwa saizi ya 80. “Usiegeshe gari hapa” ina nafasi 19, yaani pikseli 760. Ukiilazimisha mstari mmoja, saizi inashuka hadi 42. Ukiikata baada ya “Usiegeshe”, kila mstari unakuwa na nafasi 9, na mistari miwili inaingia kwa saizi ya 50. Mimi ningeandika “Usiegeshe” peke yake, kwani kibao kiko mbele ya gari. Saizi ya 80 inabaki palepale.

Neno kama “hawataruhusiwa” halina nafasi ya kukatia. Likatwe mwishoni mwa silabi, hawata-ruhusiwa, kamwe si katikati ya silabi. Na kwenye menyu ya hoteli, programu ikipima kila mstari peke yake, chai huandikwa kubwa na maharagwe ya nazi madogo. Saizi ndogo kuliko zote itumike kwa orodha nzima.